Kuhamisha miadi kabla ya kuingia mbugani

Mdogo wangu anaongoza watalii. Anaishi Sakina, na ikishafika Juni humkuti nyumbani ila kwa kubahatisha. Leo yuko Tarangire, kesho Ngorongoro, keshokutwa Serengeti, halafu anarudi Arusha kufua nguo na kupeleka gari gereji kabla ya kuondoka tena. Ratiba yake haiko mikononi mwake. Kampuni humpigia jioni, ikamwambia mwenzake ameugua, wageni wanashuka KIA, ajiandae. Kwa mtu wa kazi hiyo, miadi ya kliniki ni kitu kinachosukumwa kila mara, na miaka yote nimemwona akiisukuma kwa ujumbe mfupi wa haraka, aliouandika akiwa amesimama.

Jumapili tarehe 8 Juni 2025 alikuja kwangu kula chakula cha usiku. Alikuwa na miadi ya daktari wa meno Alhamisi tarehe 12, na mchana wa Jumapili hiyo alikuwa amepewa safari ya siku saba inayoondoka Jumatano tarehe 11. Akatoa simu na kuandika:

"Habari. Nimepata safari sitaweza kuja. Naomba mnisogezee hadi Jumatano ijayo saa 4. Asante."

Nilimwomba asiitume kwanza. Haikuwa kwamba ina utovu wa adabu. Miaka miwili kabla ya hapo, baruapepe ya aina hiyohiyo ilimfikisha kwenye kliniki nyingine ya hapa mjini saa nne kamili asubuhi, akakaa mapokezi mpaka saa tano, ndipo alipoambiwa kuwa yeye ameandikwa saa kumi jioni. Na jioni ile alikuwa na wageni wa kuwapokea. Jino lililokuwa lizibwe lilikaa wazi miezi miwili, na mwisho wake likang'olewa.

Tuanze na hizo saa, maana ndizo zinazoharibu miadi mingi kuliko uzembe. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Hapa Arusha, nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta, jua halibadilishi sana wakati wake mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hiyo haijawahi kutusumbua. Lakini programu ya miadi iliyo kwenye kompyuta ya mapokezi inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa nne yetu ya asubuhi ni 10:00 kwenye kioo, na tofauti ni saa sita daima. Mtu akiandika "saa 4" peke yake, anayeisoma anaweza kuiingiza 10:00 au 16:00, kutegemea siku hiyo anafikiri kwa hesabu ipi, na kutegemea kama baruapepe iliyotangulia ilikuwa ya Mswahili au ya mzungu anayeishi Usa River.

Kibaya zaidi ni kwamba kosa hili halijitangazi. Kliniki nyingi hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Ukikosea kwa saa sita, mara nyingi bado unaangukia ndani ya muda wa kazi. Saa mbili inageuka saa nane, saa tatu inageuka saa tisa, saa nne inageuka saa kumi, na programu inakubali zote bila kulalamika. Ingekuwa kosa linakupeleka usiku wa manane, mtu angeshtuka. Hili linakupeleka mahali panapoonekana sawa kabisa, na hakuna anayejua mpaka mgonjwa asimame mbele ya dirisha.

Dawa yake ni neno moja. Andika "saa 4 asubuhi", na ukipenda ongeza 10:00 pembeni yake. Hata anayefikiri kwa hesabu ya kizungu atasita akiona saa nne asubuhi, kwa sababu kwake hiyo ni alfajiri na kliniki imefungwa. Huko kusita ndiko unakokutaka, maana mtu aliyesita huuliza.

"Jumatano ijayo" nayo ina kasoro yake. Mdogo wangu aliandika Jumapili usiku, na kichwani mwake alimaanisha tarehe 18, atakapokuwa amerudi. Dada wa mapokezi angeisoma Jumatatu asubuhi. Kwake Jumatano ijayo ingeweza kabisa kuwa keshokutwa, tarehe 11, siku ambayo gari la mdogo wangu lingekuwa linapanda Mto wa Mbu. Siku ya wiki bila tarehe ni nusu ya habari. Tarehe bila siku ya wiki nayo si salama sana, kwa sababu kidole kikiteleza ukaandika 19 badala ya 18 hakuna cha kukukosoa. Viwili vikiwa pamoja, kimoja hukilinda kingine.

Hayo yote yangeweza kurekebishwa kwa dakika moja. Lililonifanya nimkalishe chini ni jino lenyewe.

Jino hilo lilikuwa gego la chini upande wa kushoto. Tarehe 29 Mei alikuwa amefanyiwa hatua ya kwanza ya matibabu ya mzizi. Daktari alimchoma ganzi, akatoboa jino kutoka juu, akatoa kiini kilichokwisha kufa, akasafisha mifereji ya mizizi kwa vijisindano vyembamba na kuisukutua kwa dawa ya jamii ya jiki iliyopunguzwa nguvu. Gego la chini kwa kawaida lina mifereji mitatu, wakati mwingine minne. Kisha akajaza humo dawa nyeupe ya kalsiamu haidroksaidi, ambayo kazi yake ni kuua vijidudu vilivyobaki kwenye pembe ambazo kijisindano hakifiki, akaweka kipande kidogo cha pamba, na juu yake akaziba kwa dawa laini ya muda inayogandishwa na mate. Alipomaliza akamwambia arudi baada ya wiki mbili ili mifereji ijazwe na jino lizibwe moja kwa moja.

Hizo wiki mbili hazikutajwa kwa mazoea tu. Ile dawa nyeupe inahitaji kama siku saba kufanya kazi yake, kwa hiyo ukirudi siku ya tatu unaikatiza. Upande wa pili kuna ile ziba ya muda. Haikutengenezwa kudumu. Kwa kutafuna kila siku inalika kidogokidogo, pembeni inaanza kupitisha mate, na mate yakipenya yanarudisha ndani vijidudu vilevile vilivyofukuzwa. Madaktari wengi wa meno huwa wametulia mgonjwa akirudi kati ya wiki moja na nne. Ikizidi hapo, mara nyingi kazi ya kusafisha huanza upya, na mgonjwa hulipia tena kiti na ganzi.

Sasa hesabu miadi ya mdogo wangu. Tarehe 12 Juni ilikuwa siku ya 14. Tarehe 18 ingekuwa siku ya 20, bado iko ndani ya muda, kwa hiyo kwa jino lenyewe haikuwa vibaya kusogeza mbele. Lakini kati ya tarehe 11 na 17 angekuwa anatafuna nyama choma na karanga huku gari likiruka kwenye vumbi la Naabi, na ziba ya muda mdomoni. Ikidondoka siku ya pili akiwa ameshapita lango la Loduare, daktari wa meno yuko nyuma yake kwa saa nyingi za barabara, na wageni wanataka kuwaona nyumbu wakielekea Grumeti.

Nikamwuliza kwa nini anaomba kusogezwa mbele tu. Akanitazama. Hakuwa amefikiria kuwa miadi inaweza pia kurudishwa nyuma. Jumanne tarehe 10 alikuwa mjini siku nzima, akinunua vifaa na kuosha gari. Hiyo ingekuwa siku ya 12 tangu hatua ya kwanza, na dawa nyeupe ingekuwa imeshapata zaidi ya wiki yake. Jino likifungwa kabla ya safari, hasafiri na ziba ya muda hata kidogo. Watu wengi hawaliombi hili kwa sababu wanadhani nafasi za karibu zimejaa. Mara nyingi kweli zimejaa. Lakini kuna mtu mwingine kila wiki anayehamisha yake, na mapokezi hawawezi kukupa nafasi hiyo kama hukusema unaitaka.

Tukaandika upya. Hakubuni barua mpya. Alifungua ile baruapepe kliniki iliyomtumia ya kuthibitisha miadi ya tarehe 12, akajibu humohumo. Faida yake ni kwamba habari za zamani zinabaki chini ya ujumbe, na anayesoma hahitaji kutafuta. Kichwa cha habari akakibadilisha ili mtu ajue shida ni nini kabla hajafungua. Ikatoka hivi:

"Kichwa: Kuomba kuhamisha miadi ya Alhamisi 12 Juni 2025, saa 4 asubuhi

Kwa mapokezi, habari za kazi.

Mimi ni mgonjwa wenu, jina langu kamili na namba ya faili viko hapo chini. Nina miadi ya hatua ya pili ya matibabu ya mzizi Alhamisi 12 Juni, saa 4 asubuhi (10:00). Sitaweza kufika siku hiyo kwa sababu nitakuwa safarini kikazi kuanzia Jumatano 11 hadi Jumanne 17 Juni. Nafasi hiyo ya Alhamisi mnaweza kumpa mwingine.

Ningependa zaidi kuja kabla ya safari: Jumanne 10 Juni, saa yoyote kuanzia saa 2 asubuhi (08:00) hadi saa 9 alasiri (15:00). Kama haiwezekani, naomba Jumatano 18 Juni au Ijumaa 20 Juni asubuhi.

Hatua ya kwanza ilifanyika 29 Mei. Jino haliumi, hakuna uvimbe, na ziba ya muda bado ipo. Naomba daktari aseme kama tarehe 18 au 20 ni kuchelewa mno.

Napatikana kwa simu hii hadi Jumanne jioni. Baada ya hapo mtandao utakuwa wa shida.

Asanteni."

Chini yake akaweka jina, namba ya faili na namba ya simu.

Naona aya inayotaja hatua ya kwanza ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo ndiyo watu huiruka. Dada wa mapokezi anaweza kuona nafasi tupu kwenye kioo, lakini hana mamlaka ya kusema jino lako linaweza kusubiri siku ngapi. Hilo ni la daktari. Usipompa daktari habari, mapokezi hukupa nafasi ya kwanza iliyo wazi, hata ikiwa ni wiki ya saba. Mistari mitatu ilimtosha daktari: hatua ya kwanza ilikuwa lini, hali ikoje sasa, na swali lenyewe.

Na hali ingekuwa tofauti, baruapepe isingekuwa njia yake. Kama shavu limevimba, kama kuna homa, kama mdomo haufunguki vizuri au kumeza kunauma, hapo hakuna kuhamisha miadi. Unakwenda siku hiyohiyo, na ikiwa ni usiku unakwenda hospitali. Usaha wa gego la chini unaweza kushuka shingoni na kubana njia ya hewa, na haungoji wageni warudi kutoka Serengeti.

Matibabu mengine nayo yana mipaka yake, na ni vizuri uijue yako kabla hujaandika. Mama anayetumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ana nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani: kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, anaweza kuchomwa hadi wiki mbili mapema au hadi wiki nne baada ya tarehe yake. Aliyeng'atwa na mbwa na kuanza chanjo ya kichaa hana nafasi ya namna hiyo. Siku zake zinahesabiwa moja moja tangu sindano ya kwanza, na safari ndiyo inayopaswa kuhama.

Kuna jambo mdogo wangu alitaka kuliongeza, nikamzuia. Alikuwa ameanza dawa nyingine mwezi huo, isiyohusiana na meno, na alitaka kuieleza yote kwenye baruapepe. Daktari wa meno kweli anapaswa kujua dawa unazotumia, hasa zinazofanya damu iwe nyepesi. Ila anwani ya kliniki inayoanza na info husomwa na yeyote aliye zamu mapokezi, na yeye mwenyewe alikuwa anaandika kwa anwani aliyopewa na kampuni, ambayo ofisi inaweza kuifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, na kliniki ina wajibu wa kuzilinda. Lakini sheria hailindi kile ulichokituma wewe mwenyewe kupitia sanduku la mwajiri. Akahamia anwani yake binafsi, akaiambatisha ile baruapepe ya awali, na badala ya jina la dawa akaandika: "Kuna dawa mpya ninayotumia, nitamweleza daktari mwenyewe." Ilitosha.

Akaituma saa tatu usiku. Nikamkumbusha kwamba kutuma si kuhamisha. Mpaka kliniki ijibu, miadi ya Alhamisi bado ni yake, na asipotokea ataandikwa kuwa hakufika. Tukakubaliana kwamba ikifika saa tano asubuhi Jumatatu bila jibu, atapiga simu. Ukibakiwa na siku moja ya kazi au pungufu, piga simu kwanza, kisha tuma baruapepe ili pawe na maandishi. Baruapepe huangukia kwenye taka, kompyuta ya mapokezi huzimika umeme ukikatika, na dada wa zamu anaweza kuwa peke yake akiwa na foleni mbele yake.

Asubuhi moja niliwahi kukaa nyuma ya dirisha la namna hiyo nikimsubiri mtu, nikaona kazi inavyokwenda. Baruapepe nzuri haisomwi tu ikaisha. Dada anaitafuta namba ya faili, anaona ni hatua ya pili ya mzizi, anajua hiyo si kazi ya nusu saa. Inahitaji kama saa moja na nusu ya kiti, na vifaa vyake viwe vimetoka kwenye mashine ya mvuke. Kwa hiyo hatafuti tundu lolote, anatafuta pengo refu. Akilipata, anamwonyesha daktari kwenye mlango kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, daktari anatikisa kichwa kukubali, na ndipo anaandika jibu. Mtu aliyetoa tarehe tatu na muda mpana anawekwa kwa safari moja. Aliyetoa saa moja tu anarudishiwa swali, na swali hilo likijibiwa kesho, pengo limeshachukuliwa.

Ile nafasi iliyoachwa nayo haikai bure. Asubuhi ile kulikuwa na binti aliyetoka upande wa Nkoaranga, meno yake yana zile baka za kahawia tunazozijua wote tuliokunywa maji ya chemchemi za Meru. Miamba ya volkano ya mlima huu inamwaga floridi kwenye maji, na vyanzo vingi hapa vinapita kwa mbali ile miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo sababu kule Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa, kwa mkaa wa mifupa. Binti alikuja kuulizia nafasi akaambiwa wiki tatu. Mtu mmoja akipiga simu siku moja kabla kusema haji, wiki tatu hizo zinaweza kuwa siku moja. Asipopiga, kiti kinakaa tupu saa moja na nusu, na binti ameshapanda daladala kurudi Tengeru.

Jibu la mdogo wangu lilikuja Jumatatu saa 3 na dakika 20 asubuhi. "Tumekuhamishia Jumanne 10 Juni, saa 7 mchana (13:00). Daktari amesema uje kabla ya safari. Miadi ya tarehe 12 imefutwa." Akajibu kwa mstari mmoja, akirudia tarehe na saa kama walivyoziandika, ili pande mbili ziwe na maneno yaleyale.

Jioni ya Jumatatu simu yake ikapokea ujumbe wa kukumbushwa miadi ya kesho, saa saba. Tulikuwa tunaungoja ujumbe huo. Ungesema Alhamisi, au Jumatano jioni ungekuja mwingine wa kumkumbusha tarehe 12, maana yake miadi ya zamani haikufutwa, imeongezwa tu mpya juu yake, na Alhamisi angeandikwa mtoro akiwa Seronera. Hilo hutokea mara nyingi pale mtu wa mapokezi anapofungua miadi mpya badala ya kuisogeza iliyopo.

Jumanne daktari alifungua ile ziba. Pamba ilikuwa kavu, haina harufu. Akagonga jino kwa mpini wa kioo, mdogo wangu akasema hasikii kitu. Mifereji mitatu ikaoshwa, ikakaushwa kwa vijiti vya karatasi na kujazwa, picha ikapigwa, jino likazibwa. Aliambiwa asitafunie upande huo mpaka ganzi iishe, na arudi baada ya msimu kuwekewa kofia, kwa sababu gego lililotolewa kiini hupasuka kirahisi. Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi alipita kwangu na gari, wageni wanne nyuma, kwenda kununua maji ya kunywa kabla ya kushika barabara ya Makuyuni.